Masahihisho ya jaribio la tatu la uhasibu: kwa nini majibu yale mengine si sahihi

Habari za jioni ndugu zangu. Karatasi zote nimeshasahihisha, na alama zako utazikuta juu ya karatasi yako. Hapa nataka tukae na majibu yasiyo sahihi, maana mtunzi wa maswali ya kuchagua hayaweki ovyo. Kila moja ni hesabu ya mtu aliyeruka hatua fulani, na ukishaijua hatua hiyo hunaswi tena hata wakibadilisha takwimu. Shikeni karatasi zenu mkononi mkiwa mnasoma.

Swali la 1: mifuko ya simenti (IAS 2)

Mifuko 400, kila mmoja umenunuliwa kwa 14,000 na unauzwa 16,000. Mifuko 60 imepata unyevu. Itauzwa 9,000 kila mmoja baada ya kutumia 500 kwa mfuko kuifungasha upya. Mzigo wote uandikwe kwenye hesabu kwa thamani gani? Jibu ni B, 5,270,000: mizima 340 × 14,000 = 4,760,000, na iliyolowa 60 × 8,500 = 510,000.

A (5,600,000) ndilo lililowachukua wengi, na najua mlifikaje pale. Mlijumlisha gharama ya mifuko yote, mkajumlisha thamani ya kuuzia ya mifuko yote, mkaona gharama ni ndogo, mkaichukua. Kanuni ya "kilicho kidogo kati ya viwili" mliikumbuka vizuri, lakini mliitumia kwenye lundo zima. IAS 2 inataka ulinganishe kwa kawaida bidhaa kwa bidhaa. Ukilinganisha kwa lundo, faida ya mifuko mizima ambayo bado hujaiuza inafunika hasara ya ile iliyolowa, na hasara hiyo ipo tayari leo ghalani.

C (5,300,000) ni ya aliyesahau ile 500 ya kufungasha. Thamani ya kuuzia ni bei utakayopata, ukitoa kwanza gharama zote za kuifikisha bidhaa sokoni. D (5,950,000) imeweka mifuko mizima kwa 16,000, yaani imehesabu faida kabla mteja hajaingia dukani.

Swali la 2: mashine ya kusaga (IAS 16)

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu swali hili limewaangusha hata wanaofanya vizuri kwingine kote. Mashine 48,000,000; usafiri 2,500,000; kufunga na kupima kama inafanya kazi sawasawa 1,500,000; mafunzo ya waendeshaji 1,200,000; matangazo ya uzinduzi 800,000. Unga uliotoka wakati wa majaribio uliuzwa kwa 300,000. Mwaka wa hesabu ni 2025. Mashine iandikwe kwenye hesabu kwa gharama gani? Jibu ni B, 52,000,000.

D (54,000,000) imeingiza kila shilingi iliyotoka. Hoja niliyoisoma pembeni mwa karatasi moja ni kwamba bila matangazo wateja wasingekuja. Ni kweli, ila swali letu halihusu wateja. Tunauliza ni gharama zipi zimeifikisha mashine mahali pake na katika hali ya kufanya kazi kama uongozi ulivyokusudia. Mashine ingesaga hata kama tangazo lisingetoka.

C (53,200,000) imeacha matangazo lakini imebaki na mafunzo. Hili lina ushawishi zaidi, kwa kuwa mashine bila mwendeshaji haizunguki. Lakini IAS 16 inataja mafunzo ya wafanyakazi waziwazi kati ya gharama zisizoingia, na sababu yake inaeleweka: ujuzi anao mtu, si mashine, na kampuni haina mamlaka ya kumzuia mtu huyo asihamie kwa mshindani mwezi ujao. Peleka 1,200,000 kwenye faida na hasara.

Sasa A (51,700,000). Waliochagua hili walisoma sana, ila walisoma vitabu vya zamani. Zamani mapato ya bidhaa za majaribio yalitolewa kwenye gharama ya mali, na kwa kanuni ile 52,000,000 toa 300,000 lingekuwa jibu sahihi kabisa. IAS 16 ilirekebishwa mwaka 2020, na marekebisho yakaanza kutumika kwa vipindi vinavyoanza tarehe 1 Januari 2022 na kuendelea. Sasa ile 300,000 inaingia kwenye faida na hasara, pamoja na gharama ya mahindi yaliyosagwa. Tafadhali sana, anayesomea nakala alizorithi kwa kaka au dada yake aangalie mwaka wa kuchapishwa. Inaniuma kuona mtu aliyesoma kwa bidii akikosa kwa sababu ya kitabu.

Swali la 3: matukio baada ya kufunga mwaka (IAS 10)

Mwaka umefungwa 30 Juni, hesabu zimeidhinishwa 30 Septemba. Tarehe 25 Julai mdaiwa wa 18,000,000 alitangazwa kufilisika. 10 Agosti ghala liliungua. 20 Agosti wakurugenzi walitangaza gawio. Ni lipi linabadilisha takwimu za 30 Juni? Jibu ni B, mdaiwa peke yake. Deni lake lilikuwepo tarehe 30 Juni, na kufilisika kwake kunathibitisha kwamba siku ile tayari alikuwa na hali mbaya.

A na C zote zinabeba ghala. Mlitazama ukubwa wa hasara, wakati kinachoulizwa ni hali ilikuwaje siku ya kufunga mwaka. Tarehe 30 Juni ghala lilikuwa zima, basi moto unaelezwa kwenye maelezo ya hesabu tu, kama ni mkubwa kiasi cha kuwagusa wasomaji. Ingekuwa moto umeua biashara yenyewe isiweze kuendelea, hapo msingi mzima wa kuandaa hesabu ungebadilika, lakini swali halikusema hivyo. Msiliongezee swali maneno.

D imeongeza gawio. Tarehe 30 Juni hakuna mwanahisa aliyekuwa na haki ya kulidai, kwa hiyo si deni la siku hiyo.

Swali la 4: kesi mahakamani (IAS 37)

Kesi ni moja, mwanasheria anaona uwezekano wa kushindwa ni asilimia 70, na malipo yatakuwa 40,000,000. Jibu ni D, tenga 40,000,000 yote.

C (28,000,000) ni 40,000,000 × 70%. Jiulize: siku ya hukumu, nani atalipa milioni 28? Mahakama itasema 40 au sifuri. Kuzidisha kwa uwezekano kunafaa pale mambo yanapokuwa mengi, kwa mfano dhamana ya friji elfu kadhaa zilizouzwa. Kwa jambo moja tunachukua tokeo linaloelekea zaidi kutokea.

B (eleza tu bila kutenga) ingekuwa sahihi kama uwezekano wa kushindwa usingevuka nusu. A (subiri hukumu) inasahau kwamba tukio lililozaa deni lilishatokea, na hukumu inakuja kulithibitisha tu.

Swali la 5: maadili

Kampuni iliyoandaa hesabu za mteja ndiyo inayozikagua. Jibu ni C, tishio la kujikagua mwenyewe. A, maslahi binafsi, lingehitaji fedha au hisa. B, utetezi, lingehitaji kampuni imsimamie mteja mbele ya wengine. D, mazoea, linatokana na undugu au ukaribu wa muda mrefu. Swali halikutaja hata kimoja kati ya hivyo.

Alhamisi mje na swali la 2 na la 4 mmeyafanya upya kwa mkono. Nimebadilisha takwimu na kuzibandika ubaoni. Chini ya kila jibu mliloliacha, andika sentensi moja inayotaja hatua aliyoiruka mtu wa jibu hilo. Sentensi hizo ndizo nitakazosahihisha.