Kobe na Sungura, ukurasa wa 9: maelezo ya picha

Chora ukurasa mmoja wa kitabu cha watoto wa miaka 4 hadi 7, kwa rangi za maji laini na zilizopoa. Wanaoonekana ni wawili tu, kobe na sungura, katikati ya mashindano yao ya mbio. Mahali ni nyika ya Dodoma mwezi wa Julai: mvua zimekwisha, nyasi zimekauka, na jua la asubuhi bado liko chini upande wa kushoto.

Kisa kilipofikia ni hiki. Sungura ametimua mbio, na kila anaposimama huita, "Kobe, uko wapi?" Kila mara sauti humjibu kutoka mbele, "Niko huku!" Kobe amewapanga ndugu zake njia nzima, na sungura hajui. Mtoto anayesomewa naye hajui bado, kwani siri inafichuka ukurasa wa 12. Kwa hiyo aonekane kobe mmoja tu, asiwepo mwingine nyuma ya jiwe wala ndani ya nyasi.

Hata hivyo picha isimdanganye mtoto. Kobe wa ukurasa wa kwanza ana doa jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo juu kabisa ya gamba lake. Huyu hana doa hilo. Mahali pake pana madoa matatu madogo yaliyosogeleana. Yachorwe wazi, bila kuangaziwa kuliko sehemu nyingine, ili mtoto mwenye jicho kali ayagundue mwenyewe na kurudi nyuma kulinganisha. Hili ndilo jambo ninalolijali kuliko yote katika ukurasa huu. Hata kama mengine yatabadilika, hili libaki.

Kobe yuko kulia, mbele kidogo, akielekea kulia kama mbio zinavyokwenda. Ni kobe wa nchi kavu, si kasa wa baharini: gamba limebinuka juu, la manjano iliyopauka lenye madoa meusi, miguu mifupi minene yenye kucha. Shingo ameigeuza nyuma, mdomo umefunguka kidogo kwa kujibu. Uso wake ni mtulivu na mchangamfu. Asionekane kumcheka mwenzake.

Sungura yuko kushoto, mbali kidogo, ndiyo kwanza amesimama ghafla. Mguu mmoja wa mbele uko hewani, vumbi linapanda nyuma yake. Awe sungura wa porini hasa: mwili mwembamba, miguu mirefu ya nyuma, manyoya ya kahawia yenye kijivu, tumbo jeupe, masikio marefu yenye ncha nyeusi, mkia mweusi juu na mweupe chini. Macho yamemtoka kwa mshangao. Asilie wala asikasirike, maana mtoto anatakiwa ampende pia. Wote wawili wasivae nguo, viatu wala namba za mashindano.

Kati yao ipite njia nyembamba ya udongo mwekundu. Nyuma usimame mbuyu mmoja mkubwa usio na majani, kama ilivyo msimu huo, na mabuyu machache yakining'inia kwenye vikonyo virefu. Mbali zaidi kuwe na mawe makubwa ya mviringo yaliyofifia. Pasiwe na majani mabichi ya bustani, uzio wala karoti.

Rangi ziwe chache: manjano ya nyasi kavu, wekundu wa udongo uliopauka, kahawia hafifu, samawati nyepesi ya anga, na urujuani mwepesi kwenye vivuli. Usitumie nyeusi tupu popote, hata kwenye madoa ya gamba na ncha za masikio. Changanya samawati iliyokolea na kahawia. Anga ipakwe karatasi ikiwa bado mbichi, rangi zitambae zenyewe na kuyeyukiana. Wanyama wapakwe karatasi ikishakauka, ili macho, kucha na madoa yapate ukingo safi. Weupe wa tumbo la sungura uwe ni weupe wa karatasi yenyewe. Mistari ya penseli ionekane kidogo chini ya rangi, na chembe za karatasi zisifichwe. Vivuli viwe virefu na vyote vilalie kulia.

Picha iwe ya mraba, sentimita 24 kwa 24. Chini na kulia rangi zivuke ukingo kwa milimita 3 kwa ajili ya ukataji. Usiweke herufi wala saini. Sehemu ya juu kushoto, karibu robo ya ukurasa, anga ififie hadi iwe karatasi tupu, kwa sababu hapo yatapangwa maneno haya: "Sungura akasimama, akahema, akaita tena. Sauti ikatoka kule kule mbele: Niko huku!"