Elfu ishirini na sita na mia tano

Saa tatu kasoro usiku nikashusha geti nusu, kijana akaanza kufagia, mi nikavuta kiti nikakaa kwenye kaunta na daftari. Duka liko Sinza, la vyakula na vitu vidogo vidogo vya nyumbani, na kila siku hesabu nafunga mwenyewe hata niwe nimechoka vipi, maana ukilala nayo kesho hukumbuki kitu.

Daftari letu ni la mistari tu, kila mauzo yanaandikwa na herufi pembeni: T taslimu, S simu, K kadi, M mkopo. Nikajumlisha siku nzima ikaja 874,500. Mkopo humo ni 18,500, watu watatu wa mtaani nawajua, kwahiyo hela ya kuonekana ni 856,000.

Nikaanza na droo. Elfu kumi kumi 27, elfu tano tano 18, elfu mbili mbili 17, elfu moja moja 21, sarafu za 9,000. Jumla 424,000. Nikatoa 50,000 ya chenji tuliyoanza nayo asubuhi zikabaki 374,000, nikarudisha 10,000 tuliyonunulia umeme na 5,000 ya chakula cha mchana, ikaja 389,000. T kwenye daftari 389,000. Nikashusha pumzi.

Kadi ikanisumbua kidogo. Daftari linasema 144,000, vikaratasi vya mashine nikijumlisha 176,500, nikarudia mara mbili, ileile. Ikabidi nivipange kimoja kimoja chini ya taa, kumbe kuna viwili vya 32,500 vina saa ileile mpaka dakika, namba nne za mwisho za kadi zilezile, kimoja ni nakala ya mteja aliiacha kaunta akaondoka. Nikakitoa, nikaviandika vilivyobaki kwenye daftari na saa zake, maana ile karatasi wino wake unafutika haraka sana ukiiacha kwenye joto, mwezi ujao huoni kitu.

Sasa simu. S zote ni 323,000, meseji za lipa namba 296,500. Pungufu 26,500.

Nikapitia meseji kutoka asubuhi, kila moja natia tiki kwenye daftari, tiki, tiki, mpaka nikafika mstari mmoja wa saa kumi na moja jioni, mwandiko wa kijana: mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta lita 1, 26,500, S. Meseji yake haipo. Nikamwita.

"Mdogo wangu, hii ya mchele kilo tano nani alichukua?"

Akaacha ufagio. "Yule mama wa nyumba ya kona dada, alinionyesha meseji kabisa, nikaiona elfu ishirini na sita na mia tano kwa macho yangu."

"Na jina la duka uliliona?"

Akanyamaza. Nilimwona mikono inamtetemeka, na hapo roho iliniuma kwa kweli, maana yule mtoto ana mwaka wa pili kwangu na hajawahi kunipunguzia hata mia, na alikotoka alikuwa anakatwa mshahara kila hesabu ikipungua hata kama kosa sio lake. Nikamwambia kaa chini, hakuna anayekukata, tutafute kwanza.

Nikampigia mama. "Shikamoo mama, samahani kwa usiku huu." Akaitika vizuri tu, nikamwomba anisomee ile meseji ya jioni, akaenda kuvaa miwani, akarudi akasoma taratibu, kiasi sawa, saa sawa, jina likaja la duka la dawa la jirani yangu hapa ukutani. Jana yake alinunua dawa pale akaihifadhi namba yao, leo akabonyeza hiyohiyo akijua ni yangu. "Jamani mwanangu, nisamehe," akasema, nikamwambia mama usijali kabisa.

Nikatoka na daftari langu mkononi. Duka la dawa taa bado inawaka, geti limeshushwa nusu kama langu, jirani yuko ndani kainamia daftari lake na kalkuleta. Sijamaliza hata kumsalimia akaniambia, "Jirani, nina saa nzima hapa, nimezidi elfu ishirini na sita na mia tano sijui imetoka wapi."

Nikamgeuzia daftari akasoma mstari wa mchele. Akafungua droo yake akanihesabia taslimu palepale, na yeye akaandika kwake.

Nikarudi, droo ikawa 450,500. Ile S sikuifuta, nilichora mshale pembeni nikaandika "imelipwa taslimu kupitia jirani" na saa, nikasaini, nikampa kijana peni naye akasaini chini yangu. Tukatoa 50,000 ya chenji ya kesho, zingine nikafunga kwenye bahasha ya benki, tukashusha geti lote.