Begi la shule la mgongoni, lita 20: kwa mtoto wa miaka 9 hadi 13

Begi hili tumelishonesha kwa ajili ya mtoto wa darasa la nne hadi la saba, mwenye urefu wa kati ya sentimita 125 na 155. Tunataja urefu pamoja na umri kwa sababu watoto wa miaka kumi hawalingani, na mgongo ndio unaobeba. Likivaliwa vizuri, juu linaishia usawa wa mabega na chini halishuki zaidi ya sentimita kumi kutoka kiunoni. Kwa mtoto wa darasa la kwanza litampiga matakoni kila anapopiga hatua, hata mikanda ikikazwa hadi mwisho. Huyo tunalo la lita 12. Aliye sekondari, mwenye vitabu vikubwa na masomo mengi, achukue la lita 28. Aliyeingia kidato cha kwanza na bado ana umbo dogo anaweza kuendelea na hili bila shida.

Wazazi wengi wanaokuja dukani huomba begi kubwa "ili akue nalo". Tunaelewa, pesa haiokotwi. Lakini begi kubwa hujazwa, na likijazwa linamvuta mtoto nyuma, naye anatembea ameinama mbele siku nzima. Ndiyo maana hatumuuzii mtoto wa darasa la pili begi hili, hata mzazi akisisitiza.

Ujazo wake ni lita 20, na tumeupima kwa ndani. Mfuko mkuu una urefu wa sentimita 42, upana 28 na kina 15, yaani lita 17.6. Mfuko wa mbele una sentimita 24 kwa 25 kwa 4, yaani lita 2.4. Vile viwili vya wavu vya pembeni hatukuvihesabu. Kwa matumizi ya kila siku, humo ndani zinakaa kaunta buku tatu, madaftari madogo sita, vitabu vinne vya kiada, kontena la chakula na sweta, na zipu inafungwa bila kulisukuma begi kwa goti. Daftari la ukubwa wa A4 linasimama wima bila kukunjika kona. Mkebe, kalamu na nauli vinakaa mbele. Chupa ya maji ya nusu lita au ya lita moja ikae pembeni; ikimwagika, madaftari yapone.

Begi tupu lina gramu 650. Madaktari wengi wa watoto wanashauri mzigo wa mgongoni usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 28, basi, abebe kati ya kilo 2.8 na 4.2, begi lenyewe likiwa ndani ya hesabu hiyo. Ratiba ya siku ikifuatwa, uzito huo unatosha. Mtoto akibeba madaftari ya wiki nzima, hakuna begi litakalomsaidia.

Sasa mikanda. Kila mmoja una upana wa sentimita 6 na sponji nzito ya milimita 12, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole inarudi palepale. Sponji nyepesi hulala baada ya muda mfupi, ukabaki na kitambaa kitupu kinachokata bega. Tumeikata mikanda kwa mkunjo ili ipite kando ya shingo na kuzunguka kwapa bila kusugua, na upande unaogusa mwili una wavu wa kupitisha hewa. Wavu huohuo uko mgongoni, juu ya sponji ya milimita 8, kwa sababu joto la mchana la Dar es Salaam linalowesha shati lolote. Hatusemi mtoto hatatoka jasho. Atatoka, ila shati halitagandamana na begi.

Kila mkanda unarefushwa na kufupishwa kwa kuvuta utepe wa chini. Kipimo kizuri ni kwamba vidole viwili vya mzazi vipite kati ya mkanda na bega, na begi libaki limelala mgongoni. Kuna pia utepe mdogo wa kifuani unaofungwa kwa kifungo cha plastiki. Unazuia mikanda isiteleze mabegani mtoto akikimbia. Mahali mikanda inapoungana na begi, juu na chini, tumeingiza ncha zake ndani ya mshono wa mgongo, kisha tukapiga mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Mabegi mengi ya shule huachia hapo, hasa mtoto akizoea kulivuta kwa mkanda mmoja. Mpini wa juu umeshonwa hivyohivyo, kwa sababu ndani ya daladala iliyojaa mtoto hulivua na kulishika mkononi.

Zipu ndiyo tuliyoisumbukia kuliko kitu kingine chochote. Ya mfuko mkuu ni namba 8 ya nailoni, yenye meno ya upana wa milimita 8 hivi ikiwa imefungwa. Ya mbele ni namba 5. Tumechagua nailoni badala ya chuma kwa sababu inapinda vizuri kwenye kona na haishiki kutu, tena jino moja la chuma likichomoka zipu nzima imekwisha. Mfuko mkuu una vichwa viwili, hivyo unafunguliwa kutoka upande wowote, na kila kichwa kina kamba ya kushikia badala ya kipande chembamba cha bati kinachokatika. Kingo za kitambaa kando ya zipu zimefungwa kwa utepe ndani, kwa hiyo hakuna nyuzi za kunaswa kwenye meno.

Zipu ya nailoni ikianza kuachia nyuma ya kichwa, mara nyingi meno bado mazima. Kilicholika ni kichwa. Kwa hiyo ndani ya mfuko wa mbele utakuta vichwa viwili vya akiba vya namba 8. Fundi yeyote wa cherehani anavibadilisha kwa muda mfupi. Ikiwa ngumu kwa vumbi, isuguliwe kwa brashi kavu, halafu ipakwe mshumaa kidogo.

Kitambaa ni poliesta nzito ya 600D yenye utando wa kuzuia maji kwa ndani, na kitako kina tabaka mbili. Manyunyu halina habari nayo. Mvua kubwa ya masika ikimkuta mtoto njiani kwa muda mrefu, maji yatapenya kwenye mishono na zipu, hivyo madaftari yawekwe kwenye mfuko wa plastiki siku hizo. Lifuliwe kwa mkono, maji baridi na sabuni ya kawaida, likaushwe kivulini likiwa limegeuzwa juu chini. Lisianikwe juani kutwa nzima, rangi itapauka.

Rangi zilizopo ni bluu ya kiza, nyeusi na kijani cha chupa. Bei ni shilingi 38,000, na shilingi 35,000 kwa kila begi ukichukua kuanzia matatu. Mshono au zipu ikiachia ndani ya miezi 12, lilete dukani kwetu Kariakoo tukushonee bure. Likiwa halishoneki, tunakupa jingine. Dhamana haihusu begi lililochanwa au kuungua. Ndani ya Dar es Salaam tunaleta kwa bodaboda siku hiyohiyo ukiagiza kabla ya saa nane mchana, na mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo juu ya mnunuzi. Unapoagiza, tuandikie urefu wa mtoto, darasa lake na rangi unayotaka.