Re: falme zipi zilitajirika kwa dhahabu na chumvi?
Mdogo wangu, andika Ghana, Mali na Songhai, na hiyo Ghana usiichanganye na ya Akra, ile ya zamani ilikuwa huko mpakani mwa Mauritania na Mali ya leo. Chumvi ilichimbwa Taghaza katikati ya jangwa, inakatwa mabamba inapakiwa kwenye ngamia inashuka kusini, dhahabu nayo inapanda kaskazini. Sasa utamu uko kwenye ushuru, mfalme wa Ghana alikuwa anachukua dinari 1 kwa kila punda wa chumvi anayeingia na 2 akitoka, yaani kakaa tu anakula hela. Mansa Musa wa Mali alienda kuhiji 1324, akagawa dhahabu Kairo mpaka bei ikashuka. Songhai wakapigwa na Wamoroko 1591.