Pendekezo la bustani, njia na bwawa la kuogelea: nyumba ya Mbezi Beach, Dar es Salaam

Mzee na Mama, shikamooni.

Asanteni kwa kutupokea mara mbili mwezi Mei na kuturuhusu kuchimba shimo la majaribio kwenye uwanja wa nyuma. Kazi tunayopendekeza ni ya eneo hilo la mita 22 kwa 18, kuanzia ukingo wa veranda hadi ukuta wa nyuma. Tumeambatanisha ramani moja na picha tatu za kompyuta. Tafadhali wekeni picha mezani mnaposoma, maana maneno haya yanazifuata.

Picha ya kwanza ni bustani siku tutakayokabidhi kazi, na ya tatu ni bustani hiyohiyo, mtu akiwa amesimama palepale verandani, baada ya miaka mitatu. Tumefanya hivyo makusudi. Ni rahisi kumwonyesha mteja bogenvilia iliyofunika ukuta mzima, kisha siku ya makabidhiano akakuta vijiti vinane vya kimo cha goti. Kwa hiyo katika picha ya kwanza ukuta bado unaonekana, nyasi zina mistari ya udongo katikati, na minazi miwili haijampita mtu kimo. Hicho ndicho mtakachokipata siku ya kwanza. Picha ya tatu ndiyo tunayoifanyia kazi, nayo itategemea matunzo.

Bwawa

Mama alitaka bwawa liwe chini ya mwembe. Tumelisogeza mita 8 kuelekea mashariki, na sababu tuliiona kwa macho siku ile ya pili: upepo wa kusi ulikuwa ukivuma na majani yote makavu yalikuwa yamelundikana upande wa kaskazini-magharibi wa shina. Kaskazi ikigeuka mwisho wa mwaka, itayasukuma kusini-magharibi. Upande wa mashariki ndio unaosalimika misimu yote miwili. Mizizi nayo haitagusa kuta za bwawa. Kivuli hamtakikosa, kwa sababu jua likianza kuteremka, kuanzia kama saa kumi alasiri, kivuli cha mwembe kitanyooka hadi kwenye kibaraza cha bwawa. Kiti cha Mzee kwenye picha ya pili tumekiweka hapohapo.

Suala la kina linahitaji uamuzi wenu. Mliomba mita 2.2. Shimo letu la majaribio lilitoa maji kwenye mita 1.8, na masika ilikuwa bado haijaisha. Bwawa likikaa ndani ya maji ya ardhini, siku litakapomwagwa kwa usafi linaweza kunyanyuliwa kama mtumbwi na kupasuka. Kwa hiyo tunapendekeza mita 8 kwa 4, kina cha sentimita 90 upande wa watoto na mita 1.4 upande wa pili, ukingo ukiinuliwa sentimita 20 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie na uchimbaji upungue. Sakafuni tutaweka vali inayofunguka yenyewe maji ya chini yakizidi nguvu. Hata hivyo tunawaomba: masika yoyote, bwawa lisimwagwe.

Litabeba lita 36,800. Pampu ya lita 7,000 kwa saa itayapitisha maji yote kwenye chujio la mchanga kwa saa tano na ushei, kwa hiyo kuiwasha saa sita kwa siku kunatosha. Maji ya kisima chenu yana chumvi, hivyo ngazi, skrubu na vishikio vyote vitakuwa vya chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya kubandika kigae hata kimoja tutalijaza na kuliacha siku tatu. Tutaweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, tutapiga alama ndani ya ndoo na kwenye ukuta, kisha tutapima mbele yenu. Ndoo ikishuka sawasawa na bwawa, hilo ni jua na upepo tu. Bwawa likishuka zaidi, linavuja, na tutabomoa na kurudia kwa gharama yetu.

Uzio wa mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe vinaonekana kwenye picha zote. Tunajua mlisema vitaharibu mandhari. Tumeuchora kwa nondo nyembamba za rangi ya kijani kibichi, nanyi mtaona unavyopotea mbele ya majani. Nyumba hii ina mjukuu wa miaka minne. Bila uzio hatutachimba bwawa, na hapo tunaomba mtuelewe.

Njia

Njia kuu hatukuibuni sisi. Tulikuta ukoka umekufa kwa mstari uliopinda kutoka mlango wa jiko, ukipita kando ya bomba hadi kwenye kamba za kuanikia nguo. Watu wa nyumba hii wameshachagua pa kupita, na njia ikipingana nao wataendelea kukanyaga nyasi. Tumeufuata mstari huo, tukauongeza tawi moja kuelekea bwawani.

Upana ni mita 1.2, ili Bibi apite na fimbo yake na mtu wa kumshika mkono kando. Hakuna ngazi hata moja. Mawe ni bapa, meupe, yasiyong'arishwa: mguu ulio na maji hautelezi, na saa nane mchana hayaunguzi nyayo kama vigae vyeusi. Kila mita moja ya upana itainama sentimita 2 kuelekea nyasini, maji yasituame.

Mimea

Mwembe unabaki. Penye jua nyasi zitakuwa paspalam, inayovumilia maji ya chumvi, na chini ya mwembe tutaweka kokoto, kwa kuwa nyasi pale zitakufa tu. Ukutani bogenvilia. Karibu na dirisha la chumba cha Bibi tumeweka asumini na mlangilangi, kama alivyotuomba mwenyewe alipotuletea maji ya kunywa. Hiyo miwili, pamoja na mchaichai na mrehani nje ya jiko, itamwagiliwa kutoka tangi la maji ya mvua la lita 5,000, kamwe si kisimani.

Muda na gharama

Tungependa kuanza wiki ya kwanza ya Julai, ardhi ikiwa kavu. Uchimbaji na zege wiki nne, majaribio ya maji na vigae wiki tatu, njia na uzio wiki tatu, kisha mimea wiki mbili mwishoni mwa Septemba, ili vuli iikute ikiwa imeshashika.

Bwawa na mitambo yake: shilingi 41,600,000
Njia na kibaraza: 11,250,000
Udongo, nyasi na mimea: 8,400,000
Taa, tangi, mabomba na mifereji: 6,950,000
Uzio na lango: 3,800,000
Jumla, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani: shilingi 72,000,000

Malipo ni asilimia 40 tukisaini, asilimia 30 bwawa likifaulu jaribio la ndoo, asilimia 20 siku ya makabidhiano. Asilimia 10 ya mwisho, yaani shilingi 7,200,000, mbaki nayo siku 90. Katika siku hizo mtunza bustani wetu atakuja mara mbili kwa wiki, atamfundisha kijana wenu kupima klorini na kusafisha chujio, na mmea wowote utakaokufa tutaubadilisha bila malipo.

Bei hizi zinasimama kwa siku 30. Kabla ya kusaini tunaomba mtujibu mambo mawili: kama mnakubali kina cha mita 1.4, na kama kamba za nguo zibaki zilipo au zihamie nyuma ya jiko, maana zikihama itabidi tuchore njia upya.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa mradi, kwa niaba ya mafundi wote