Salamu za Watoto kwa Baba na Mama kwa Kutimiza Miaka 40 ya Ndoa

14 Desemba 2025

Wazazi wetu wapendwa, Baba na Mama,

Shikamooni.

Leo, Jumapili, mnatimiza miaka 40 tangu Jumamosi ile ya tarehe 14 Desemba 1985 mlipofunga ndoa. Kitinda mimba wenu, ambaye hesabu hazimpiti, amejumlisha pamoja na siku za ziada za miaka mirefu akapata siku 14,610, na ametuagiza tuiandike idadi hiyo hapa mwanzoni kabisa ili asitokee mtu wa kuipinga. Sisi watoto wenu wanne tuliona kwamba kadi yenye mistari miwili iliyokwisha kuchapishwa isingefaa kwa siku hii, tukaketi pamoja kuandika salamu zetu wenyewe. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema na hakuna aliyekubali la kwake likatwe, kwa hiyo mtatuvumilia zikiwa ndefu.

Hongereni sana. Tumelitanguliza neno hilo mbele ya shukrani kwa makusudi. Shukrani tunazo, na hatuwezi kuzimaliza, lakini hizo ni za malezi, na leo si sikukuu ya malezi. Ndoa yenu ilikuwepo kabla yetu, na tulipotoka nyumbani mmoja baada ya mwingine iliendelea bila kutuhitaji. Jambo hilo tulichelewa kulielewa, kwa kuwa utotoni kila mmoja wetu aliamini kwamba Baba na Mama wanakaa pamoja kwa ajili ya kumlea yeye. Kisha wawili wetu wakaja siku moja bila kutoa taarifa, wakawakuta mmeketi mlangoni jioni, mnacheka hadi Mama anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na walipouliza kuna nini mkatazamana, mkasema hakuna kitu. Hadi leo hatujaambiwa kilichowachekesha. Tulisikia wivu kidogo, tunakiri, lakini pia tulifurahi kujua kwamba mna mambo yenu yasiyotuhusu.

Picha ya harusi yenu, ile ya sebuleni, imetulea kama mtu mzima wa tatu katika nyumba. Mama amesimama wima, shada la maua mkononi, anamkazia macho mpiga picha kana kwamba anamwamuru arudie. Baba amefumba macho. Maelezo ya Baba ni kwamba mkanda wa filamu ulikuwa wa picha 36 na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, hivyo hapakuwa na la kufanya. Maelezo ya Mama ni kwamba zilikuwa zimebaki mbili, na Baba alimzuia mpiga picha kwa sababu alikuwa na haraka ya kuvua viatu vilivyombana. Shauri hili limesikilizwa mbele yetu kila mgeni alipoiuliza ile picha, mashahidi hawapo, na kwa miaka 40 halijatolewa hukumu. Tunaomba lisimalizike.

Hatutaki kuandika salamu za watu ambao hawakuwahi kukosana, maana mkizisoma mtadhani zimepelekwa nyumba isiyo yenu. Waliosema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana bila shaka walipita jirani nasi. Tunazikumbuka vizuri zile siku za kimya, ambapo mliketi chumba kimoja, hatua tatu kati yenu, na bado ujumbe ukapitishwa kwetu: “Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari.” “Mwambie mama yako nimesikia.” Tulitembea huku na huku tukiwa na nyuso nzito kama mabalozi wa mataifa makubwa. Kimya kirefu kuliko vyote kilidumu siku tatu, nacho kilivunjwa na kitinda mimba, aliyekuwa na miaka minne na ambaye alichoka kazi hiyo. Alitumwa kumuuliza Baba ufunguo wa kabati uko wapi, akafika katikati ya chumba, akasimama, akatangaza kwa sauti kubwa: “Mama anasema anakupenda, na ufunguo.” Mama alijaribu kukaza uso akashindwa, Baba aliinuka mwenyewe akaupeleka ule ufunguo. Hatukumbuki ugomvi wenyewe ulihusu nini, na tunashuku hata ninyi mmesahau.

Tulichojifunza hapo hatukukijua kuwa ni somo mpaka tulipooa na kuolewa. Wengi huapa kwamba ndoa ni ndoano, na tulipoingia katika zetu tulizichunguza kwa hofu kila mara sauti zilipopanda. Kilichotutuliza ni kukumbuka kwamba nyumba ambayo watu wake hukasirikiana bado inaweza kuwa na maji ya kuoga yaliyowekwa tayari. Hamkuwahi, hata katika zile siku tatu, kuacha kutunzana.

Kisha ukaja mwaka 1996, Baba alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, wakati kifungua mimba wenu ana miaka tisa na kitinda mimba yungali tumboni. Hatutausimulia wote, kwa kuwa Baba hapendi. Tutataja cherehani tu. Mama alishona usiku, tulisikia kanyagio likienda na kusimama, likienda na kusimama, na tulilala kwa sauti hiyo kama wengine wanavyolala kwa mvua. Kifungua mimba aliamka usiku mmoja kunywa maji akakuta Baba ameketi sakafuni karibu na kiti cha Mama, taa ameisogeza upande wake, rundo la mashati mapajani, anashona vifungo. Alikuwa akitoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo kila alipopitisha uzi kwenye sindano. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Mama alimaliza shati, akalidondosha juu ya rundo bila kugeuka, na Baba akalichukua. Asubuhi Baba alivaa suti yake, akachukua bahasha ya vyeti, akatoka kutafuta kazi kana kwamba usiku alilala. Hali hiyo iliendelea kwa miezi 14, na katika miezi hiyo hatukumsikia Mama hata mara moja akisema kwamba yeye ndiye anayelisha nyumba, wala Baba hakuwahi kuona haya kusema, mbele za watu, kwamba vifungo vile vilikuwa vyake. Mpaka sasa akiona shati lililoshonwa vibaya hulikemea.

Mwaka 2013 zamu ikabadilika, Mama alipofanyiwa upasuaji wa bega na mkono wake wa kulia ukafungwa kwa wiki sita. Tulikuja wote, tukagawana kazi, na tukagundua kwamba moja tayari ilikuwa na mwenyewe. Baba alimwomba kifungua mimba amfundishe kusuka mabutu, akajifunzia kwenye kichwa cha mjukuu aliyelalamika sana, kisha akamsuka Mama. Njia zilikwenda mshazari, butu moja kubwa na jingine dogo, na Mama alipojitazama kwenye kioo alinyamaza muda mrefu. Tulingoja aseme tuyafumue. Akasema, “Nitatoka hivi hivi.” Akatoka hivi hivi, wiki zote sita.

Kaka yetu wa pili, anayependa kusoma mambo ya madini, ametukumbusha kwamba katika nchi kadhaa kila mwaka mkubwa wa ndoa hupewa kito chake, na mwaka wa 40 ni wa yakuti nyekundu. Tuliwazia kuwanunulia pete, kisha bei ikatushauri vingine. Lakini maelezo yake yametukaa moyoni. Anasema kwamba yakuti huzidiwa ugumu na almasi, na kwamba jiwe lenyewe likiwa safi kabisa halina rangi hata kidogo. Wekundu wake hutokana na chembechembe za kromi zilizoingia humo jiwe lilipokuwa likijijenga. Dada yetu mkubwa aliposikia hivyo alisema, “Basi kromi ni zile siku tatu,” tukacheka, na hatukupata la kuongeza.

Yapo mengine ambayo tungependa kuyapita upesi kwa kuwa yanatuumbua. Mmoja wetu aliacha chuo mwaka wa pili bila kuwaambia. Mwingine aligombana na Baba wakakaa karibu mwaka mzima bila kupigiana simu. Tunajua kwamba mara zote mbili ninyi wenyewe hamkukubaliana juu ya la kufanya, kwa sababu kuta za nyumba yetu si nene. Hata hivyo mlipofungua mlango mlikuwa na neno moja, na hakuna aliyetufuata baadaye pembeni kutunong’oneza kwamba yeye alikuwa na mawazo tofauti. Kwa hilo, na kwa usingizi tuliowapotezea, tunaomba radhi kwa maandishi.

Wakwe zenu wanawasalimu kwa heshima, na wamesisitiza iandikwe kwamba hawakualikwa tu katika familia hii bali walipewa viti. Wajukuu wenu saba wanawatakia heri. Mkubwa wao atasoma, mdogo wao ataimba, nasi hatuna mamlaka juu ya wimbo atakaouchagua.

Tunamwomba Mungu awape afya njema, magoti yasiyouma na macho yanayoona karibu na mbali, na awape jioni nyingi za kukaa mlangoni mkicheka yale msiyotuambia. Tunaomba pia mturuhusu kuwasaidia zaidi kuliko mnavyoturuhusu sasa. Mama, ndoo nzito si za bega lile. Baba, ngazi ina wenyewe, na kwenye paa hupandi tena.

Pamoja na salamu hizi kuna bahasha ngumu. Ndani yake ni ile picha ya harusi, ambayo tuliiazima mwezi uliopita kwa kisingizio cha kubadilisha kioo cha fremu. Tuliipeleka kwa fundi aondoe madoa ya unyevu na kuunganisha pembe iliyochanika, naye ameifanya vizuri. Alituuliza pia kama tungependa amfumbue Baba macho, kwani siku hizi ni kazi ya dakika chache kwa kompyuta. Sote wanne tulijibu hapana kwa wakati mmoja hadi akashtuka.

Mama, tumeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Miwani yako imo katika mfuko wa shati la Baba, kama kila siku. Mpe muda kidogo aifute kwanza kwa pindo lake, halafu atakukabidhi.

Ni sisi wanenu wanne,
pamoja na wakwe na wajukuu wenu