Asanteni: tuzo iko dukani, na hawa ndio walioileta

Ndugu wateja, majirani na jamaa,

Wengi wenu mmeshasikia. Ijumaa iliyopita duka letu la ushonaji lilitangazwa kuwa biashara ndogo bora ya mwaka katika eneo letu. Tangu hapo simu haijapumzika, na jumbe nyingi bado sijazijibu. Mniwie radhi, zamu yenu itafika. Leo naomba niseme na nyote kwa pamoja, maana pale jukwaani nilipewa dakika mbili, na ya kwanza iliisha nikiitafuta sauti.

Cheti kimeandikwa jina langu. Lakini majaji walipotaja sababu za kutuchagua, walitaja tatu: sare za shule zinazorefushwa mtoto anapokua, nguo iliyo safi ndani kama ilivyo nje, na kazi kuwa tayari siku tuliyoahidi. Nilisikiliza moja baada ya nyingine, nikaona hakuna hata moja iliyoanzia kichwani mwangu. Kwa hiyo naomba niwataje wenyewe. Baadhi wamenikataza kabisa kuandika majina yao hadharani, nami nimeona bora nisiandike la yeyote. Watajijua, na wanaolijua duka letu watawajua.

Hilo la sare ni la dada yetu wa umaliziaji, yule anayekaa karibu na dirisha. Amelea watoto na anajua suruali ya mtoto inavyofupika kabla ya mwaka kwisha. Ndiye aliyesema tuache inchi mbili nzima ndani ya pindo, na pindo lenyewe lishonwe kwa mkono ili likifumuliwa lisiache alama ya sindano. Mimi nilihesabu kitambaa kitakachoongezeka nikasitasita. Yeye akanijibu, "Mama akirudi kurefushiwa, atakuja na mdogo wake mtoto huyo." Na kweli, hivyo ndivyo wengi wenu mlivyotufikia.

Mwangalieni siku moja anavyotia kifungo. Huweka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, akashona juu yake, kisha akaichomoa na kuzungushia uzi kwenye kile kinafasi kilichobaki chini. Kifungo kinasimama kwenye shingo yake, kinapita tunduni bila kuvuta kitambaa. Ni kazi ya dakika chache tu, ila nguo iliyotiwa hivyo haivui vifungo ovyo. Watu hunisifia vifungo vile mitaani, na mimi hupokea sifa zisizo zangu.

Usafi wa ndani tumeufunzwa na bibi fundi aliyenipokea nikiwa sijui hata kutia uzi kwenye bobini. Alikuwa hatazami nguo yako mpaka aigeuze. Ukimletea gauni zuri, kitu cha kwanza ni kulipindua, ndani nje, halafu kimya. Kimya chake kilikuwa kirefu, walioketi kwenye benchi lile wanakikumbuka. Alitufunza pia kuloweka kitambaa cha pamba na kukianika kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali irudi ikiwa bado yetu kuliko ikiwa mgongoni mwa mteja. Na kukata kwa kufuata uzi wa kitambaa, hata kama ukikata upande utabana vipande viwili zaidi. Mguu wa suruali uliokatwa upande hujipinda, na hakuna pasi itakayounyoosha. Sasa, siku majaji walipopita dukani bila taarifa, mmoja wao alichukua sketi kwenye kamba, akaigeuza ndani nje, akanyamaza. Nilitamani bibi angekuwepo. Nimempelekea cheti akishike mwenyewe. Amekigeuza nyuma kwanza.

Ahadi ya tarehe ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni mzee wetu wa mashine. Huyu anaweza kusikiliza cherehani kutoka mlangoni akakuambia ina kiu ya mafuta. Angeweza kutufanya tumtegemee kwa kila kitu na kutulipisha kila mara. Badala yake alituketisha akatufundisha: uzi ukikatika au mshono ukiruka, usikimbilie bisibisi; badili sindano kwanza, hakikisha imeingia hadi juu na imetazama upande wake, kisha funua sahani ya meno utoe manyoya ya kitambaa. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo. Amejipunguzia kipato chake mwenyewe ili sisi tusisimame kazi, na hilo sijui nitalilipaje.

Wa pili ni binamu yangu, mtu wa hesabu. Alinikuta nikiweka oda kichwani na pesa za duka kwenye pochi moja na za nyumbani. Alileta daftari mbili na ubao. Daftari ni za pesa, moja ya duka, moja ya nyumba, na hakuna kukopeshana bila kuandika. Ubao ni wa kazi za wiki: nafasi zikijaa, mteja anaambiwa wiki ijayo. Kusema hivyo kulikuwa kugumu kuliko kushona koti la bitana! Ninyi mliokubali kusubiri, badala ya kwenda kwa anayeahidi kesho, mna sehemu yenu katika tuzo hii.

Siwezi kumruka muuza vitambaa aliyetupa mali kauli tulipopata oda yetu ya kwanza ya shule, hatuna hata robo ya mtaji wake. Hakutaka maandishi wala mdhamini. Mwalimu mkuu aliyetupa oda hiyo, asante kwa kutuamini tukiwa na cherehani moja. Vijana wetu wawili wa mafunzo, mliobaki jioni kukunja na kupanga sare kwa saizi, kazi yenu ilionekana. Na mume wangu, mpiga pasi mkuu wa duka: kila mshono ukitoka mashinini hupitia mkononi mwake kabla ya kuunganishwa na mwingine. Anayedhani pasi ni ya mwisho tu hajashona kola.

Niseme pia kuhusu tulioshindana nao. Yule kijana wa karakana ya baiskeli alistahili kusimama pale nilipojikuta nimesimama, na nilimwambia hivyo mbele ya watu. Kama baiskeli yako inalia, mpelekee.

Tuzo imekuja na kiasi kidogo cha fedha. Tumekaa wote dukani tukakubaliana: tunanunua ovaloki ya pili, maana ile moja ndiyo inayosababisha foleni, na kinachobaki tunagawana. Bei zetu hazipandi kwa sababu ya cheti. Kuna aliyeniuliza, na nimeona nijibu mara moja kwa wote.

Duka litafunguliwa Jumatatu kama kawaida. Anayetaka kuiona tuzo aje, iko kwenye rafu nyuma ya kaunta, na dada wa umaliziaji ameshaanza kuitundikia futi kamba. Tena, kwa upendo kabisa: kuna nguo zilizokamilika tangu mwezi uliopita na wenyewe hawajazifuata. Njooni mzichukue, rafu ile tunaihitaji.